Mstari Mmoja Chini ya Jina: Hotuba kwa Watafuta Kazi wa Nakuru

Mabibi na mabwana, vijana wenzangu na wazee wetu mliokuja kusikiliza, hamjambo. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kuujaza ukumbi huu.

Waandaaji waliniomba nizungumze juu ya wasifu wa LinkedIn. Wasifu una mambo mengi: picha, historia ya kazi, masomo, vyeti, watu wa kukushuhudia. Leo sitayagusa hayo yote. Nitakaa kwenye mstari mmoja tu, ule ulio chini ya jina lako, unaoitwa `Headline` kwenye skrini, na kwenye ile sehemu ya `Open to work` inayouambia ulimwengu kwamba unatafuta kazi. Kazi yangu ni kuyatafutia makampuni wafanyakazi, kwa hiyo ninayajua mambo haya kutoka upande wa pili wa meza.

Hebu niwaonyeshe ninachokiona mimi. Tuseme kiwanda cha kusaga unga hapa Nakuru kinataka mtu wa stoo. Nafungua sehemu ya kutafuta, naandika jina la kazi, nachagua mji, nabonyeza. Inakuja orodha. Kwa kila mtu naona picha ndogo, jina, ule mstari, na mahali anapoishi. Historia yako ya miaka yote haipo hapo. Cheti chako hakipo. Ule mstari ndio unaoamua kama nitabonyeza jina lako au nitateremka kwa mwingine, na nikiwa na orodha ya watu wengi sikai kwa mtu mmoja nikitafakari.

Usipoandika chochote, LinkedIn hukuandikia yenyewe. Huchukua cheo chako cha mwisho na jina la mwajiri ikakiweka pale. Kwa waliotoka chuoni karibuni, mara nyingi panabaki neno la kusema kwamba wewe ni mwanafunzi wa chuo fulani, na linabaki hapo hata baada ya mahafali kupita zamani. Mwenye kutafuta mfanyakazi wa kuanza mwezi huu akisoma "mwanafunzi" anapita, na hakuna atakayekupigia simu kukuuliza kama ulimaliza.

Nafasi uliyopewa ni herufi 220, pamoja na nafasi tupu na alama zote. Usiifurahie sana. Kwenye orodha ya simu, na unapoandika maoni chini ya habari ya mtu, mstari hukatwa baada ya maneno machache ya mwanzo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: maneno yako matano ya mwanzo yanasema nini? Ukitaka kujua, mwombe rafiki atafute jina lako kwa simu yake, si yako, uone mstari unakatikia wapi.

Sasa tuje kwenye mfano. Kuna ndugu mmoja hapa ukumbini ambaye ameniruhusu nitumie mstari wake, mradi nisimtaje jina. Ulikuwa hivi:

```
Hardworking, self-motivated and result-oriented professional seeking a challenging position
```

Msicheke, wengi wenu mna ndugu yake. Mstari huu ni mrefu na hauna kosa la sarufi, lakini ukiusoma mara tatu hujui kama mwenyewe ni fundi, mhasibu au mpishi. Hakuna mwajiri anayeandika "mchapakazi" kwenye sehemu ya kutafuta. Na ile sehemu ya mwisho, kwamba anatafuta nafasi yenye changamoto, imekula nafasi kusema jambo ambalo alama ya `Open to work` ingelisema bila kutumia hata herufi moja ya mstari.

Huyu ndugu alifanya kazi miaka 4 kwenye stoo ya kiwanda. Nilimuuliza barua yake ya ajira inamwitaje. Akasema `Stores Clerk`. Nikamuuliza: ufunguo wa stoo ulikuwa kwa nani? Kwangu. Ukipokea mali, nani alisaini? Mimi. Upungufu ukionekana siku ya kuhesabu, nani aliitwa ofisini? Akacheka, akasema, mimi. Basi huyo ni mtunza stoo kamili, na matangazo mengi ya kazi hiyo hapa kwetu hutumia neno `Storekeeper`. Hilo ndilo tuliloliweka mwanzo wa mstari.

Hapa nisimame kidogo, maana pana mpaka. Kwenye historia ya kazi, cheo kibaki kama kilivyo kwenye barua, kwa sababu nikimpigia mwajiri wako wa zamani nitauliza cheo hicho, na majibu yakipishana ninaanza kukutilia shaka. Lakini mstari wa juu haudai kwamba uliwahi kupewa cheo hicho. Unasema ni kazi gani unaweza kuifanya, kwa jina ambalo soko linalitumia. Kama ungekuwa chini ya mtunza stoo, ukiandika tu kadi na kubeba makaratasi, ningekuambia ubaki na `Stores Clerk`. Swali la ufunguo ndilo linaloamua.

Na kwa nini jina moja, si matatu? Kwa sababu mimi ninayetafuta ndiye ninayepaswa kubeba mzigo wa majina mengi. Ninayejua kazi yangu huandika hivi:

```
storekeeper OR "store keeper" OR "stores clerk"
```

Hiyo `OR` ya herufi kubwa inaiambia mashine ilete yeyote mwenye moja kati ya hayo. Wewe ukirundika majina matano kwenye mstari, jicho langu linaona mtu ambaye hajui anataka nini. Majina mengine yana mahali pake, nitapafikia.

Baada ya jina la kazi, ujuzi. Ndugu yetu alikuja na orodha ndefu: uongozi, mawasiliano, kompyuta, kufanya kazi na wenzake, uaminifu, kuhesabu mali, Excel, na Sage, ile programu ya hesabu za biashara. Uaminifu kwa mtu wa stoo ni jambo kubwa kweli, lakini haliaminiki kwa kuandikwa na mwenyewe. Linaaminika kwa simu nitakayompigia bosi wako wa zamani. Tukaliondoa.

Kipimo nilichompa ni kimoja. Kila neno la ujuzi unaloweka kwenye mstari, jua kwamba umenikaribisha nikuulize swali juu yake. Ukiandika `Sage`, nitakuuliza unaingizaje mali iliyopokelewa pungufu ya kiasi kilichoagizwa kwenye LPO. Anayeijua atanieleza kwamba anaingiza kile kilichofika tu, anaiacha oda wazi kwa kilichobaki, na anamjulisha msambazaji na mtu wa ununuzi. Aliyeisikia darasani mchana mmoja ataanza kunisifia programu. Ndugu yetu alijibu bila kufikiri, kwa hiyo Sage ikabaki. Excel tuliitoa, kwa sababu watu wa stoo karibu wote huiandika na haimtofautishi na yeyote. Ibaki chini kwenye orodha ya ujuzi, ambako mashine bado inaisoma.

Kisha nikamuuliza stoo yake ilikuwa ya nini. Hapo ndipo dhahabu ilipotoka. Haikuwa ya unga wala magunia. Ilikuwa ya vipuri vya mashine: beringi, mikanda, mota, vifaa vya umeme. Mtu anayejua kutofautisha beringi mbili kwa kusoma namba iliyochongwa ubavuni, na anayejua ni kipuri gani kikiisha kiwanda kinalala, si sawa na mtunza stoo wa vifaa vya ofisi. Yeye alikuwa amelificha jambo hilo kwenye aya ya tatu ya wasifu, kwa kudhani ni dogo. Tukalipandisha juu, likawa la kwanza katika ujuzi wake.

Mwisho, mahali. Hapa kuna mtego ambao watu wengi hawauoni. Kuandika mji kwenye mstari na kuchagua mji kwenye sehemu ya `Location` ni mambo mawili tofauti. Ninapochuja watu kwa mji, chujio linaangalia ile sehemu ya `Location`. Mstari unasomwa na jicho langu. Ndugu yetu alifungua akaunti yake akiwa kwao Kakamega baada ya kumaliza shule, na sehemu hiyo ilikuwa bado inasema Kakamega, ingawa yeye amepanga Free Area miaka mingi. Kila aliyechuja Nakuru alimkosa. Wengine wameweka `Kenya` peke yake, wakidhani wanajifungulia nchi nzima. Matokeo yake ni kwamba hawana mji, na mwenye kiwanda anataka kujua kama utafika kazini saa mbili asubuhi bila kwanza kutafuta nyumba.

Basi mstari ukawa huu:

```
Storekeeper | Spare parts, Sage, stock control | Nakuru
```

Hesabuni mkitaka: ni herufi 55, pamoja na nafasi na vistari. Hata simu ikikata mwisho, jina la kazi na ujuzi wake wa kwanza vimeshasomeka. Tumeuandika kwa Kiingereza kwa sababu matangazo na utafutaji wa kazi hizi LinkedIn hufanywa kwa Kiingereza. Kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa mjini, ambako kazi nyingi pia hupatikana, aandike kwa Kiswahili kwa mpangilio uleule: mtunza stoo ya vipuri, miaka 4, Sage na kuhesabu mali, Nakuru, naanza mara moja.

Hilo la kuanza mara moja, kwa ambaye hana kazi, linaweza kuongezwa mwishoni:

```
Storekeeper | Spare parts, Sage, stock control | Nakuru | Available now
```

Liwe mwishoni kabisa, maana hakuna anayelitafuta kwa jina. Na liwe kweli. Kama umeajiriwa kwa mshahara wa mwezi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka notisi ya siku 28, isipokuwa mkataba wako unadai zaidi, au ulipe mshahara badala ya notisi. Ukiniambia unaanza mara moja, kisha baada ya mahojiano uniambie mwezi ujao, nimeshamwahidi mteja wangu kitu ambacho sina.

Sasa tuingie kwenye `Open to work`. Ukibonyeza `Open to` kwenye wasifu wako, utaulizwa majina ya kazi, aina ya mahali pa kazi, miji, lini unaweza kuanza, na aina ya ajira. Majina ya kazi yanaruhusiwa hadi matano. Hapa ndipo pa yale majina mengine niliyoyazuia juu. Ndugu yetu ameweka `Storekeeper`, `Stores Clerk`, `Inventory Clerk` na `Warehouse Assistant`. Ya tano ameiacha wazi, na mimi nimekubaliana naye. Alitaka kuweka `Procurement Officer`. Nikamuuliza umewahi kufungua zabuni au kulinganisha bei za wasambazaji? Hapana. Basi hiyo isubiri.

Miji vilevile. Ameweka Nakuru na Naivasha, kwa sababu yuko tayari kuhamia Naivasha kwenye mashamba ya maua, ambayo nayo yana stoo za vipuri vya pampu na mabomba. Hakuweka Kisumu, ingawa ana shangazi kule, kwa sababu nilipomuuliza kama angehamia kwa mshahara uleule alinyamaza.

Kinachoniudhi mimi ni pale sehemu hizi mbili zinapogombana. Mstari unasema mtunza stoo wa Nakuru, chini kwenye `Open to work` anasema anataka udereva, uhasibu na mauzo, popote. Mimi huamini ile ya chini, kwamba anataka chochote, na ninampigia mwingine.

Kisha utaulizwa nani aone. Kuna `Recruiters only` na kuna `All LinkedIn members`. Ya pili ndiyo inayoweka ile fremu ya kijani kwenye picha yako, yenye maneno `#OPENTOWORK`. Nimesikia watu wakisema fremu hiyo inakuonyesha mtu wa dhiki. Mimi nina maoni yangu, na ni ya hapa kwetu. Ukichagua `Recruiters only`, wanaoona ni wale wanaotumia huduma ya kulipia ya LinkedIn ya kutafuta wafanyakazi. Makampuni makubwa ya Nairobi wanayo. Sasa niambieni, meneja wa kiwanda kidogo kule Industrial Area, anayetafuta mtu jioni kwa simu yake mwenyewe kwa akaunti ya kawaida, atakuonaje? Hatakuona. Kwa hiyo kwa asiye na kazi katika mji kama huu, ninasema weka ya wote, fremu na yote, na wanaocheka wacheke.

Kwa aliye kazini ni tofauti. Achague `Recruiters only`. LinkedIn hujaribu kuwaficha jambo hilo watafuta wafanyakazi wa kampuni yako, lakini yenyewe inasema haiwezi kukuhakikishia usiri kamili. Kama bosi wako ni mkali na kampuni ina matawi mengi yenye majina tofauti, pima mwenyewe.

Dada mmoja pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza kama aweke namba ya simu kwenye mstari ili apatikane haraka. Dada yangu, usiweke. Mstari huo unaonekana na kila mtu, na mtu aliyetangaza kazi anayoitaka, mji wake na namba yake amewapa matapeli kila walichohitaji. Watakupigia wakijua cheo chako, watakutajia kiwanda cha hapahapa, watakuambia umechaguliwa bila mahojiano, kisha wataomba pesa ya vipimo vya hospitali au ya kufungua faili kupitia M-Pesa. Anayekuomba pesa ili akupe kazi, kata simu. Namba yako iweke kwenye CV unayomtumia mtu unayemjua.

Kwa wenye taaluma zinazosajiliwa nitasema kwa ufupi. Kama wewe ni muuguzi wa Kisumu mwenye diploma, weka `KRCHN` mapema kwenye mstari, kisha wodi ulizofanyia, kisha Kisumu. Fundi umeme aweke leseni yake ya EPRA na daraja lake. Aliye katikati ya masomo ya CPA aandike kiwango alichofika, `CPA Intermediate` kwa mfano, wala asijiite CPA kabla ya kumaliza. Hayo ni mambo yanayothibitishwa kwa simu moja.

Je, utajuaje kama mstari unafanya kazi? LinkedIn inakuonyesha kwenye wasifu wako mara ngapi ulitokea kwenye utafutaji wa watu, `Search appearances`, na wangapi walifungua wasifu wako, `Profile views`. Zisomeni pamoja. Kama hutokei kwenye utafutaji, tatizo ni jina la kazi au ule mji wa `Location`. Kama unatokea lakini hufunguliwi, tatizo ni mstari wenyewe au picha. Kama unafunguliwa na hakuna anayekuandikia, acha kuuchezea mstari, umeshamaliza kazi yake. Tatizo liko ndani, kwenye historia ya kazi isiyo na maelezo. Na ukibadilisha, badilisha kitu kimoja, kisha uache wiki kadhaa zipite kabla ya kugusa kingine, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia.

Mzee mmoja hapa mbele ananitazama kama anayesema, mbona mwanangu alipata kazi ya kupakia magunia bila haya yote. Ni kweli, mzee wangu. Kazi za kibarua bado zinapatikana getini asubuhi, na mstari huu hauzisaidii. Kazi za kaunti nazo hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na unaomba kwa utaratibu wa tangazo lenyewe. Aliyewahi kutunza stoo ya shule ya serikali, akajaza S11 za kutoa mali na S13 za kupokea, aziandike kwenye maombi hayo, kwa sababu wanaosoma wanazijua.

Na siku ukipata kazi, ondoa fremu na maneno ya kwamba uko tayari kuanza siku hiyohiyo. Nimewahi kumpigia mtu aliyekuwa na fremu ya kijani, nikamkuta ameshakuwa kazini kwa miezi saba, amekaa karibu na bosi wake, na spika ya simu imewashwa.

Sasa nina nusu saa. Walio na simu zenye chaji njooni mbele watatu watatu, tufungue sehemu ya `Location` kwanza kabla hatujagusa mstari.